Nilitia Sahihi Kwamba Karani Alikuwa Mlevi

Admin, nifiche jina kabisa, wajukuu wangu wanasoma hii page. Mimi ni mzee wa miaka themanini na sita, niko Isiolo, mzaliwa wa Kulamawe. Msinipe pole kabla hamjasikia. Tangu Jumatatu nimejaa hasira, na nyingi ni za kujikasirikia mwenyewe.

Miaka ya vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kwetu kaskazini, nilikuwa mpelelezi wa polisi Mombasa. Umri wa kijana, lakini nimechoka kama mzee, maana wakubwa walikula meza moja na watu niliotumwa kuwafuata. Masika hayo mvua ilinyesha siku nne bila kupumua. Asubuhi moja bandarini wakaopoa maiti karibu na gati. Alikuwa Athumani, karani wa ghala la ngozi za kupelekwa ng'ambo.

Kila mtu akasema amezama. Daktari akanionyesha mwili: anayezama akiwa hai huvuta maji, mapafu yakawa mazito na povu likajaa kooni. Athumani hakuwa na povu, mapafu yake hayakuwa na maji, na fuvu lilipasuka kisogoni. Tumboni kulikuwa na chai na mkate, hakuna pombe. Aliuawa nchi kavu, kisha akatupwa.

Nikaenda ghalani. Karatasi zilisema ngozi zimetoka kwa mabucha ya nyanda za juu, lakini mahali pa sahihi ya karani palikuwa patupu. Mpagazi mmoja akaninong'oneza kwamba Athumani alikataa kutia sahihi, alipoona ngozi zote zimekatwa masikio. Nilishtuka. Kwetu ng'ombe huchanjwa alama sikioni, kwa hiyo aliyekata alitaka kuficha mwenye ng'ombe ni nani. Mjinga huyo alisahau paja! Ngozi zilikunjwa manyoya ndani, nikapapasa upande wa nyama mpaka vidole vikagusa kovu gumu. Nikaikunjua. Mistari miwili na duara, chapa ya moto ya mjomba wangu wa Kulamawe.

Mjomba aliambiwa ng'ombe wake wote walipigwa risasi na askari wakaachiwa fisi, kwa sababu walionekana nje ya kijiji kilichozungushiwa waya, ambamo serikali ilifungia watu wetu. Kumbe kuna watu walikuwa wanawachinja na kuuza ngozi, na watu wetu wanalia kwa njaa ndani ya waya!

Nyuma ya marobota nikakuta jiwe la mizani lina damu na nywele. Nikamkamata nyapara wa ghala. Alicheka tu. "Kaulize mkubwa wako," akasema.

Mkubwa wangu alikuwa ameshaandika ripoti. Karani alikuwa amelewa, akateleza kwa mvua, akazama. Nikamwambia kuhusu chapa.

"Wewe ni mtu wa kule," akasema. "Ukisema hiyo chapa ni ya kwenu, wewe pia utaitwa shifta. Halafu mama yako iko ndani ya ile kijiji ya waya, si ndiyo? Weka sahihi, nitaandika barua moja, atoke."

Nikatia sahihi. Jiwe la mizani wakalichukua, sikuliona tena. Wiki mbili baadaye mama yangu alitoka, mifupa mitupu, akakaa Isiolo miaka thelathini akiniombea dua. Mjomba alibaki ndani na akafia humo. Nyapara niliendelea kumwona mjini, ananipungia mkono.

Sasa Jumatatu mama mmoja kutoka Mombasa alibisha mlangoni. Ni binti ya Athumani. Alikuwa na ile ripoti, na jina langu chini.

"Salaam aleikum, baba," akasema. "Mama yangu aliachwa na ndugu zake kwa aibu ya karatasi hii. Nimekua naitwa mtoto wa mlevi. Wewe ulimwona. Kweli babangu alikuwa amelewa?"

Nikamwangalia usoni nikasema ndiyo. Mara ya pili! Siku hizi hakuna mkubwa wa kunitisha, hakuna mama wa kuokoa, na bado nimesema ndiyo. Akanishukuru, akakunja karatasi yake vizuri. Amefikia kwa mwenyeji wake mtaa wa Bulla Pesa hapa mjini, Ijumaa anarudi Mombasa.

Mwanangu mkubwa nimemweleza yote. Amesema, "Baba, nyamaza. Ukoo utajua nyanya alitolewa kwa damu ya mtu, na mjomba wako uliyemwacha ndani ya waya ana watoto hapa hapa." Nimempigia kelele mpaka majirani wakachungulia. Lakini sijatoka nje ya boma.

Mimi sitaki mniambie Mungu ni mwenye kusamehe, hilo najua. Mlioishi na jina baya la mzazi, niambieni kitu kimoja kabla ya Ijumaa. Yule mama nikimwambia ukweli, akinitemea mate, nimwambie pia kwamba siku ile ikirudi, ningetia sahihi tena ili mama yangu atoke?