Barua ya Mipira ya Malori

Mama mwenye malori alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, na mimi ndiye niliyesimamia magari yake hapa Goma. Barua niliiandika mwenyewe, nikampelekea nyumbani kwake Kyeshero. Niliomba kila mpira wa gari, yaani kila tairi, uwe na ukurasa wake, kina cha meno yake kipimwe kila Jumatatu, na upepo upimwe asubuhi mpira ukiwa baridi, kabla lori halijatoka. Wa mbele ukibakiwa na meno chini ya milimita tatu, utolewe.

Aliisoma yote, polepole, miwani ikiwa puani. Hakucheka.

“Papa, uko na haki,” alisema. “Lakini kwa hii sheria yako, kesho makamio ngapi itatoka?”

Nilikuwa nimeshapima malori yote.

“Moja, mama.”

Alivua miwani. Benki za mji zimefungwa, alisema, pesa hazitoki, na wateja wa mji wa Kiwanja wana viazi vinavyongoja. Kupima upepo alikubali, na kuandika pia. Mipira mipya, hapana. “Panga na ile iko.”

Basi nikapanga. Lori lililokuwa likienda Kiwanja lilikuwa na mpira wa mbele uliokwisha kabisa. Nikatoa mmoja mzuri kwenye jozi ya nyuma, mahali mipira miwili inapobeba pamoja, nikauweka mbele, ule mbovu nikaupeleka nyuma mahali pake. Dereva, mzee wa Masisi, aliinama akaitazama ile jozi.

“Muzee, hii moja ni kubwa, hii ingine imeisha, ni ndogo. Ile kubwa itabeba yote peke yake.”

“Ninajua,” nilimwambia. “Ya mbele ikipasuka, utakufa. Ya nyuma, utasimama tu.”

Alipanda, akawasha gari.

Wakati wa kurudi, lori likiwa limejaa viazi, ule mpira mkubwa wa nyuma ulipata joto kali na kupasuka. Gari halikuanguka. Lilisimama kando ya barabara, mvua ikanyesha juu ya turubai lililotoboka, na tulipofikisha mpira mwingine, baada ya siku kadhaa, viazi vilikuwa vimeanza kuoza. Hasara ya viazi hivyo ingenunua mipira miwili mipya. Nilimwambia mama hivyo hivyo.

Alikuwa amechoka, macho mekundu. Alinitazama kana kwamba namuuzia kitu.

“Mbele ya wewe kuanza kupima, hii kamio ilikuwa inaenda na kurudia. Umeanza kupima, na mipira inaanza kupasuka. Wacha, papa. Wacha kabisa.”

Nilitaka kumweleza. Maneno yote nilikuwa nayo, yalikuwa tayari ndani ya barua, na barua alikuwa ameisoma. Nikasema, “Sawa, mama.”

Kipimo cha upepo nilikifungia ndani ya droo. Siku iliyofuata nilisimama getini malori yakitoka, yote, na nilijua hali ya kila mpira uliopita mbele yangu. Madereva walinipungia mkono, nami nikainua wangu. Nilitamani nisijue.