Thelathini na Sita, Thelathini na Saba

Kosa langu la mapema katika kazi hii lilikuwa kuamini kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa seli ya lithiamu ni kiwango chake cha kujaa. Seli nyingine zilisema volti 3.6, nyingine 3.7, nami nikakata shauri kwamba hizi zinajaa kidogo kuliko zile. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Hakuna aliyenifundisha chochote, na hilo nalisema bila kujisifu.

Nilijifunza kwa video za simu, kwenye meza niliyopangishwa mlangoni mwa duka la spea katika kata ya Sokon I, mjini. Nilikuwa nafungua betri za kompyuta mpakato zilizokufa, natoa seli ambazo bado zina uhai, kisha naziunganisha upya kuwa betri za taa, za pampu, za baiskeli za umeme. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Seli moja naipima, naiweka chini, naichukua tena naipima, maana labda mara ya kwanza mkono ulitetemeka. Za 3.6 niliziweka kwenye ndoo yake na za 3.7 kwenye ndoo yake, kwa hofu kwamba zikikutana ndani ya betri moja zitagombana mpaka ziwake.

Mwenye duka, mama wa Kichaga asiyekosa ibada, alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. "Unawatenga kama kondoo na mbuzi," aliniambia siku moja. "Sasa nani anakwenda motoni?"

Nilicheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali.

Mteja ninayemkumbuka kuliko wote ni mama mmoja kutoka juu mlimani, Mmeru, mwenye migomba na kahawa. Alikuwa na guta la umeme, la magurudumu matatu, analoshusha nalo ndizi na maziwa mpaka barabarani. Guta lilikuja na betri tatu za asidi, kila moja ya volti kumi na mbili, jumla thelathini na sita. Zilikuwa nzito na zimechoka. Akataka lithiamu. Nilimjengea betri ya hatua kumi, yaani makundi kumi ya seli yanayofuatana ili volti zijumlishwe, zote kutoka ndoo ya 3.6, na kumi mara 3.6 ni thelathini na sita. Nikafurahi jinsi hesabu ilivyokaa sawasawa. Nikaandika juu yake kwa kalamu nene: 36 V.

Aliuliza habari ya chaja. Nikaichukua ile ya zamani, ya betri za asidi, nikasoma kibandiko chake. Volti thelathini na sita.

"Itumie hiyo hiyo, mama. Namba ni ile ile."

Sikuwa nimebuni tu. Betri ya gari imeandikwa kumi na mbili, chaja yake inasukuma mpaka kumi na nne na zaidi, maji yanachemka kidogo na maisha yanaendelea. Nilidhani kila betri ina uvumilivu wa namna hiyo. Na ndani nilikuwa nimeweka bodi ya ulinzi, kile kipande kinachokata umeme seli zikizidi. Niliinunua mpya. Niliiamini kama watu wanavyoamini mlango uliofungwa.

Baada ya muda akanipigia simu, na haikuwa ya shukrani.

"Fundi, shikilia hapo nikuulize. Jirani yangu amejengewa betri huko mjini, yake imeandikwa thelathini na saba. Mimi umenipa thelathini na sita. Hiyo moja umekula na nani?"

"Mama, sijala kitu. Ni aina ya seli."

"Aina ya nafuu."

"Si ya nafuu."

"Basi nieleze. Nimeshasema mbele ya jirani kwamba fundi wangu ni kijana mwaminifu. Usiniaibishe."

Niliahidi kumpa jibu, na kabla hajakata akaongeza, kama mtu anayesimulia jambo la nyumbani, kwamba betri siku hizi inapumua. Akiichaji, taa ya chaja inakuwa ya kijani, inarudi nyekundu, kijani tena, nyekundu tena. Mama yake mzazi, ambaye miguu haimbebi na ndiye analala chumba kimoja na betri hiyo kwa sababu ya wezi, anasema ni kama kulala na mtoto mchanga.

"Ni kawaida," nilisema.

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nawaza ile volti moja. Aibu ya kuitwa mwizi ilikuwa imejaa kichwani, hapakubaki nafasi ya kusikiliza.

Kesho yake niliacha kazi zote. Nilichukua seli moja ya 3.6, nikaijaza, nikaifunga kwenye balbu ndogo na kukaa mbele yake na mita, napima mpaka macho yanauma. Ilianza volti 4.2. Ikashuka upesi chini ya nne. Kisha ikatulia. Ilikaa kwenye 3.8, 3.7, 3.6 kwa muda mrefu, kama mtu aliyefika tambarare baada ya mteremko, na hapo ndipo ilipotoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ilipopita 3.4 ikaanza kuporomoka kuelekea tatu, na balbu ikafifia.

Nikasoma karatasi za watengenezaji, neno kwa neno, kwa kamusi. Ile namba si kujaa na si kuisha. Ni wastani. Unachukua nishati yote ambayo seli imetoa kutoka kujaa mpaka kuisha, unaigawa kwa kiasi cha chaji iliyopita, unapata volti ya katikati ya safari. Ukiipa seli ile ile mzigo mzito, ukinzani wake wa ndani unakula kidogo na wastani unashuka. Ukiipa mzigo mwepesi, unapanda. Kwa hiyo mtengenezaji mmoja anapima kwa mzigo mkubwa au anaikamua mpaka chini kabisa, anaandika 3.6; mwingine anapima kwa upole, anaandika 3.7. Mchanganyiko wa madini na kaboni ndani nao unasogeza kidogo, na seli za zamani zilikuwa na wastani wa chini. Wapo pia wanaopenda 3.7 kwa sababu ukizidisha, nishati inaonekana kubwa kwenye kibandiko. Lakini hizi zangu, za ndoo zote mbili, zilikuwa zinajaa pale pale: 4.2.

Nilijisikia mwepesi. Mama hakuibiwa. Yeye na jirani yake walikuwa na kitu kimoja chenye majina mawili. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia: mama, yako na yake zote zikijaa ni kumi mara 4.2, yaani arobaini na mbili.

Arobaini na mbili.

Ndipo nikaikumbuka ile chaja yake. Kama kila betri ya asidi inasukumwa mpaka kumi na nne na nusu hivi, tatu zinafika arobaini na tatu na nusu, pengine arobaini na nne. Gawanya kwa kumi. Kila seli yangu ilikuwa inasukumwa kuelekea 4.4. Sasa nikaelewa kupumua. Bodi ya ulinzi ilikuwa inakata umeme seli zikizidi, chaja inadhani kazi imekwisha na kuwasha kijani. Seli zinatulia kidogo, bodi inaruhusu umeme tena, chaja inaanza upya. Kila alipochaji, kutwa na kucha, bodi ndogo kama kiberiti ilikuwa inazuia mlango kwa bega, na pembeni yake amelala bibi asiyeweza kukimbia.

Nilipiga simu. Haikupatikana. Nilipiga tena nikiwa nyuma ya bodaboda, na tena tulipoacha lami. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na Meru yenyewe haikuonekana kabisa. Dereva alitaka kuzungumza mpira. Nikamwomba aongeze mwendo.

Mama alikuwa uani anapanga mikungu. Aliponiona akaweka panga chini. "Fundi mwenyewe. Umekuja na ile volti yangu mfukoni?"

"Betri iko wapi?"

"Hata salamu?"

"Mama, iko kwenye chaji?"

Alinitazama usoni, akaacha utani. Akaonyesha mlango wa mbao.

Bibi alikuwa ameketi kitandani, shuka magotini. "Shikamoo bibi," nilisema, macho yangu yakiwa sakafuni, kwenye chaja.

"Marahaba mwanangu. Leo imenyamaza," alisema. "Tangu asubuhi. Nyekundu tu."

Taa ilikuwa nyekundu na haikuyumba. Kulikuwa na harufu fulani, tamu, kama ya rangi ya kucha, harufu ya seli inayovuja, ambayo mpaka siku hiyo nilikuwa nimeisoma tu. Nilichomoa chaja ukutani. Niligusa kasha la betri kwa nyuma ya mkono. Lilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Nikaweka mita kwenye nyaya zake, nayo ikaonyesha arobaini na tatu na zaidi. Betri ile haikupaswa kuvuka arobaini na mbili maishani mwake. Bodi ilikuwa imeungua na sasa inaacha umeme upite tu. Mlango haukuwepo tena.

"Mtoe bibi nje kwanza," nilisema.

"Kuna mvua."

"Mtoe, mama."

Alimbeba mgongoni. Bibi akalalamika kwamba anabebwa kama gunia, na kwamba chai yake imebaki. Nami nikainyanyua betri kwa mikono miwili, nimegeuza uso pembeni, nikapita nayo taratibu mno, nikipima kila hatua, mpaka kwenye udongo mtupu mbali na majani makavu na banda la ng'ombe. Nikaiweka chini, nikaifunika kwa bati lililoegemezwa juu ya mawe ili mvua isiingie, nikarudi nyuma.

Tulikuwa barazani watatu, bibi kwenye kiti, tukiangalia bati. Kisha mama akauliza, kwa sauti ya chini, "Ni ile volti moja?"

"Hapana. Ile haikuwa kitu. Yako na ya jirani ni sawa. Ni chaja. Nilikwambia uitumie, na nilikosea."

"Na kupumua je?"

"Nilikwambia ni kawaida. Nilikosea hapo pia."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Bibi aliomba chai nyingine.

Haikuwaka. Ilipopoa kabisa niliiunganisha na balbu tatu za taa za gari, zimefuatana, pale pale nje, nikakaa mbali nayo mpaka chaji ikaisha. Seli za hatua mbili zilikuwa zimeanza kuvuja. Nilizitupa zote, pamoja na zile zilizoonekana nzima. Mama alirudi kwenye betri za asidi, akanunua kwa mtu mwingine. Sikumlaumu.

Tangu hapo nimechanganya ndoo zangu mbili, na seli nazichagua kwa uwezo na ukinzani, si kwa ile namba ya kwenye ganda. Juu ya kila betri ninayoijenga naandika volti ya kujaa kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote. Haiondoki mezani bila chaja niliyoipima mwenyewe, na mteja akiniambia kwamba kifaa chake kinafanya jambo geni, namwomba akichomoe kwanza, ndipo tuzungumze.