Mchezo Usio na Mwisho

Klabu yetu ya kompyuta ilikuwa na mashine mbili za msaada, kila moja nzito kuliko ng'ombe mwenye mimba. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, nilikuwa msaidizi wa maabara. Mwenye klabu alikuwa mwalimu wa hisabati, mtu mkimya wa Matogoro.

Aliandika azimio la kazi la muhula mzima: wanafunzi watengeneze mchezo wa kubahatisha namba, hatua moja kila wiki. Kwanza maneno kwenye kioo. Halafu kompyuta ichague namba ya siri. Halafu imuulize mchezaji namba yake, ilinganishe, iseme "kubwa mno" au "ndogo mno", irudi kuuliza. Kumtambua aliyepatia kuliachwa wiki ya mwisho. Nilimwambia hatua hiyo tuiweke mapema, watoto wafurahi. Akasema kinachofurahisha kikija mapema, yaliyobaki hakuna atakayeyasikiliza.

Umeme wa Songea siku hizo ulikuja ukijisikia. Ukikatika, aliwageuza wanafunzi kuwa programu: mmoja anashika namba, mwingine analinganisha, wa tatu anarudisha swali. Nilicheka hadi mbavu zikaomba likizo.

Muhula ulipokaribia mwisho, akalazwa. Kifua. Tulipokwenda kumwona alikuwa amepungua, shuka lilimlemea. Baada ya shikamoo hakutaka habari za shule. Alitaka kuuona mchezo.

Basi wanafunzi wakaucheza pale kitandani. Msichana wa kidato cha tatu alishika namba kichwani, akauliza kwa niaba ya mashine. Mwalimu akataja hamsini. Kubwa mno. Ishirini. Ndogo mno. Akapanda, akashuka, akasema thelathini na saba.

Msichana akamtazama. Kisha akasema, "Namba yako?"

Nilijua amepatia. Nikamnong'oneza binti amwambie tu, mgonjwa huyu.

"Sijafundishwa, Mwalimu," akamwambia yeye, si mimi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Thelathini na saba," Mwalimu akarudia.

"Namba yako?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamkatisha. "Safi," akasema. "Hamjaruka wiki. Ya mwisho nitawafundisha mwenyewe."

Nikatoka nje. Nikasema nakwenda kutafuta maji ya kunywa, na ndoo ilikuwa imejaa pale pale mlangoni.

Tulimzika kabla ya wiki ile kufika. Somo la mwisho nikalifundisha mimi, ambaye maisha yangu yote sikuwahi kukosa la kusema. Lilikuwa mstari mmoja, unaoingia kabla ya ule wa kurudi kuuliza: kama jibu ni sawa na siri, andika UMEPATA, kisha simama. Yule msichana akauandika, akacheza, akapatia. Neno likatokea.

Watoto wakaendelea kuinamia kioo, kwa mazoea, wakingoja kiulize tena. Hakikuuliza. Hata mimi nilikingoja.