Glavu Namba Saba ya Castory

Faudhia wa Msimbu akikupa mkono unajua umeshikwa. Mkono wa kulima muhogo huo, si wa kupakwa rangi kucha. Ila pale kiwanda cha kuku cha Kibaha, mtunza stoo Castory alikuwa anagawa glavu kwa macho: mwanaume namba kumi, mwanamke namba saba, basi, kama mganga anasoma nyota.

Faudhia akaingia chumba cha baridi na saba yake. Imembana mpaka damu haifiki vidoleni. Siku ya tatu ganzi, makreti yanamponyoka, kucha moja ikang'oka. Castory akamwambia bosi kwamba mwanamke huyu mvivu, anajidekeza. Akatolewa, akapewa fagio, na posho ya baridi ikakatwa. Miezi minane anafagia, kiwanda kizima kinamwita Mdekaji.

Bosi akaleta mtu wa usalama kazini. Akafundisha: zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo, dole gumba liache nje. Kisha pima urefu, ncha ya kidole cha kati mpaka mkunjo wa chini ya kiganja. Vipimo vikipingana, chukua kikubwa. Glavu ya kazi ikae vizuri, isilegee ikanaswa na mashine. Ya baridi panda namba moja, hewa ikae ndani na damu itembee. Faudhia alishika yote kichwani, na hakumaliza hata darasa la saba. Wenye vyeti walisinzia.

Stoo akapewa yeye. Castory akapelekwa wapi? Chumba cha baridi.

Akaja dirishani anadai kumi, kwa sauti ya watu wote kusikia. Faudhia akamwomba mkono kwa adabu zote. Mzunguko, sentimita kumi na nane kasoro kidogo. Urefu, kumi na saba. Kwenye jedwali la mtu wa usalama, vyote ni namba saba.

"Saba, kaka Castory. Kimkono kama cha bibi harusi."

Foleni ikacheka mpaka Margareta, mmoja wao, akaegemea ukuta. Sasa, ya baridi alistahili nane, na Faudhia alijua. Akampa saba. Akaangalia saa ya ukutani, akakaa kitako, akanywa chai yake taratibu.

Dakika ishirini hazijaisha, Castory huyo, anapuliza vidole.

"Dada Faudhia, hizi zinabana. Sizisikii ncha."

"Unajidekeza."

Castory akanyoosha mkono dirishani. Nane zilikuwa mezani, mkono wa Faudhia juu yake.

"Mimi nilikuwa mvivu, kaka?"

Castory akatazama foleni, akatazama vidole vyake. "Hukuwa mvivu. Glavu ndiyo ilikuwa ndogo. Nilikupa bila kukupima."

"Rudia. Bosi yuko mlangoni, hakusikia vizuri."

Akarudia. Hapo ndipo Faudhia akaondoa mkono juu ya zile nane, tena polepole, kidole kimoja kimoja.