Ouko Aliyeninyooshea Skrini

Ukiniuliza ni nani amenisaidia katika kazi hii ya picha, nitakujibu Ouko kabla hujamaliza swali. Anachapisha picha Kericho mjini, mtu mpole, hana maneno mengi. Mwenye mdomo ni mimi.

Kuna wiki moja Mama Kiptum alikuwa anamzika mumewe, Mzee Kipngeno, siku ya Ijumaa. Alitaka picha niliyompiga mzee shambani kwake miaka minne nyuma, kabla ini halijaanza kumsumbua. Ndiyo ingebebwa mbele ya jeneza. Nikaiedit kwa studio yangu hapa Silibwet, nikamtumia Ouko, ikarudi Jumanne. Mama akaiangalia kidogo tu, akailaza kifudifudi mezani.

"Chelimo, huyu ni yule wa hospitali. Sitaki watu wamuage hivi."

Kweli, uso ulikuwa wa njano, tena umeingia giza. Na kwenye skrini yangu mzee alikuwa sawa kabisa! Nikampigia Ouko, nikamfokea mpaka kredo ya simu ikaisha.

Jumatano asubuhi huyo akaingia, na kifaa kidogo cha kupima rangi mkononi.

"Hii skrini ulinunua wapi?"

"Ofisi ya kiwanda cha chai, walipouza za zamani. Ona vile ni nyeupe."

"Hiyo nyeupe ni ya kusoma hesabu, Madam. Si ya kuangalia ngozi ya mtu."

Akavuta pazia, maana dirisha langu linatazama majani chai na kijani chote kinaingia ndani. Tukaacha skrini ipate joto nusu saa, tukinywa chai. Kisha akakilaza kile kifaa kwenye skrini. Nyeupe yangu ilikuwa kelvin elfu tisa na zaidi, yaani inaelekea bluu, na gamma, kipimo cha mwanga na giza la picha, ilikuwa moja nukta nane, yaani inapausha. Kumbe miezi yote tangu niinunue, nikiona uso una bluu, naongeza njano. Nikiona umepauka, naongeza giza. Akashusha nyeupe hadi elfu sita mia tano, akapandisha gamma hadi mbili nukta mbili, akapima tena.

"Sasa umeniharibia, imekuwa njano," nikasema.

"Ngoja macho yazoee. Fungua ile picha ya mzee."

Nikafungua. Akatokea vile vile alivyokuwa kwenye karatasi, mgonjwa.

Nikaanza upya na picha ile asili. Safari hii karibu sikuongeza chochote, nikamtumia Ouko aichapishe. Alhamisi jioni Ouko akaileta mwenyewe, na tukaipeleka pamoja kwa Mama Kiptum. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye shavu la mumewe.

"Amepona," akasema.

Hapo nje ya mlango wake nikamwomba Ouko msamaha, nikilia, na mpaka leo sijamaliza kumshukuru.