Kengele Ambayo Mpika Chai Hakuwa na Uhakika Nayo

Ofisini kwa wakili walimwita Bi Sikio, maana akishavaa vile vidude vya kusikilizia, hata ukimwita kula hageuki. Kazi yake ilikuwa kugeuza sauti za mashahidi ziwe maelezo ya maandishi, na katika kazi hiyo alikuwa mkaidi kweli kweli.

Safari hii shahidi alikuwa mpika chai wa kiwandani. Fundi mitambo alikuwa amefukuzwa kazi, akidaiwa kuwasha mashine huku mwenzake akiisafisha, mwenzake akapondeka mkono. Asiposafishwa jina, hakuna kiwanda kitakachompokea tena. Mpika chai alimpenda kama mdogo wake, na kwenye rekodi alianza na ukelele, akarukia gari la wagonjwa, kisha akarudi kwenye birika.

Bi Sikio alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Aliyapanga mambo yalivyofuatana akishika mzunguko wa chai, meza hadi meza, na pembeni mwa kila aya akaweka dakika ya rekodi. Shahidi alipomwita msimamizi wa kiwanda "lile katili", yeye aliandika "msimamizi" tu. Fundi alifunga kufuli jekundu kwenye swichi, mashine isiwashwe ikisafishwa: shahidi aliona. Msimamizi alilifungua, akawasha: aliona. Kengele ya tahadhari je? Akaandika kwamba shahidi anadhani haikulia, ila hana uhakika. Huenda ililia asiisikie, maana wakati huo alikuwa akipiga soga.

Aliposomewa, mpika chai alinuna.

"Mwanangu, futa hiyo ya uhakika. Andika haikulia, tumwokoe kijana."

"Mama, kama umekumbuka zaidi, nitaandika kwamba umekumbuka leo. Umekumbuka?"

Mpika chai alitazama sakafu. "Sijakumbuka. Natamani tu."

Wakili naye alikuna kichwa, maana kengele ingemfaa sana, lakini hakugusa neno. Mpika chai akatia saini shingo upande.

Kwenye baraza la migogoro ya kazi, wakili wa kiwanda alikuja kifua mbele na nakala ya rekodi. Akawasikilizisha wote kipande kinachohusu kengele, akauliza kama huyu ni shahidi wa kuaminika. Mwenyekiti akafunua maelezo, akamwambia kwa upole kwamba wasiwasi huo umeandikwa humu humu, tena na dakika yake. Bi Sikio, kiti cha nyuma, moyo ulimwenda mbio kwa raha.

Jamaa hakukoma. "Na kufuli je? Hapo pia ulikuwa unapiga soga?"

"Hapana, baba. Msimamizi mwenyewe alinipa kikombe chake nimshikie, apate kulifungua."

Nalo lilikuwa limeandikwa, bila "huenda" hata moja. Msimamizi akaanza kufuta miwani yake.

Fundi alirudishwa kazini, na jina lake likasafishwa mbele ya wote. Nje, mpika chai alimkumbatia Bi Sikio hadi mkoba ukadondoka, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ile kengele," alisema, "mpaka leo sijui kama ililia."

"Najua, mama," alisema Bi Sikio. "Nimeandika."