Siku Niliyomtoa Mutuku Ukutani

Mpaka leo nikipita karibu na ule ukumbi hapa Machakos mjini huwa navuka barabara, kwa sababu mlinzi wa pale akiniona tu anainua shingo na kulia kama punda, na siwezi hata kumkasirikia, maana aibu ile nilijipikia mwenyewe, tena asubuhi, akili timamu na chai nimeshakunywa.

Mimi napiga picha za barabarani. Si za harusi, si za pasipoti (shangazi yangu bado anawaambia watu kwamba natafuta kazi). Kwa miaka sita nimezunguka na kamera yangu, mjini, Mwala, Ekalakala siku za soko, nikiwapiga picha watu wakiwa kwa shughuli zao, na mwaka huo hatimaye ukumbi mmoja ukanikubalia maonyesho yangu ya kwanza. Ukuta ulikuwa mmoja, mrefu, nikaupima kwa tepu ya fundi, nikaona picha kumi na nane zinaenea vizuri bila kubanana. Kumi na nane. Nami nilikuwa na maelfu.

Aliyeniokoa ni Bi Zuhura, mama mmoja wa hapa mjini aliyekuwa na studio ya picha karibu na msikiti tangu enzi za kuosha filamu gizani, sasa amestaafu na anakosoa tu. Aliniambia picha za kutundika hazichaguliwi kwa simu wala kompyuta, kwa hivyo nikachapisha mia moja na arobaini ndogondogo, saizi ya postikadi, nikaandika namba kwa penseli nyuma ya kila moja, tukaondoa viti sebuleni kwake na kuzitandaza sakafuni. Raundi ya kwanza tulitoa zenye makosa ya wazi. Raundi ya pili tukatoa pacha, yaani zile zinazosema kitu kimoja mara mbili (nilikuwa na kina mama wa mboga kumi na mmoja, wakabaki wawili). Raundi ya tatu ndiyo iliniliza, kwa sababu hapo Bi Zuhura alianza kutoa zile ninazozipenda. Nikimweleza vile nilipanda juu ya lori ndio nikapata moja, anajibu kwamba lori halionekani kwa picha, na atakayekuja kuangalia hanijui mimi wala jasho langu.

Kisha alizigeuza zilizobaki miguu juu, tuone umbo bila kuona sura, ni wapi kweusi, ni wapi kweupe, macho yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Tukaziacha sakafuni siku nne, ikawa lazima tupite tukinyata kwenda jikoni. Siku ya nne zile ambazo tulikuwa tumezizoea na kuacha kuziona, tukazitoa. Ndipo tukaanza kuzipanga, hii kando ya ile, kwa sababu, na haya ni maneno yake mwenyewe, "Mwikali, picha mbili zikikaa jirani zitazungumza, utake usitake. Kazi yako ni kujua zinasema nini kabla ya watu kusikia."

Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri.

Jirani bora kabisa kwa ukuta wote walikuwa namba saba na namba nane. Namba saba ni Mutuku, mwanamume wa Mwala anayeuza maji kwa mkokoteni wa punda, amesimama kwa bomba lililokauka, mdomo wazi mpaka unaweza kuhesabu magego, akiwapigia kelele watu wa foleni. Namba nane ni punda wake, bomba lile lile, mdomo wazi vile vile, shingo imeinama upande wa Mutuku. Mtu na mnyama wake wakilalamika pamoja. Nilikuwa nimempelekea Mutuku zile ndogo, akacheka mpaka akakaa chini, akakubali zitundikwe, na mama yake, ambaye ndiye mwenye punda, akasema siku hiyo watakuja wote kujiona. Nikawaambia karibuni, mko ukutani. Chini ya hizo mbili, katikati, niliweka kikaratasi kimoja cha maelezo: "Wawili wa Mwala, saa saba mchana. Kelele nyingi, maji hakuna."

Zote kumi na nane zikachapishwa kubwa, karatasi isiyong'aa kwa sababu ya dirisha la ukumbi, fremu nyeusi bila kioo. Siku moja kabla ya ufunguzi tukatundika, katikati ya kila picha ikiwa usawa wa macho, misumari miwili kwa kila fremu na pima maji juu ili isipinde. Bi Zuhura alirudi nyuma hadi mlangoni, akaangalia kwa muda mrefu, akasema sawa. Kwa Bi Zuhura, sawa ni sherehe.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Asubuhi ya ufunguzi msaidizi wa mgeni rasmi alinipigia simu. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa fulani (acheni nimwite hivyo tu, waheshimiwa ni wengi), na msaidizi hakuniamuru chochote, aliuliza tu kwa upole kama kwa bahati kuna picha ya Mheshimiwa ukutani, kwa vile Mheshimiwa ni mpenzi mkubwa wa sanaa. Nilikuwa nayo. Ilitoka raundi ya kwanza kabisa, jua la utosi, mlingoti wa bendera unamwota kichwani, lakini ni yeye, akihutubia Mwala kwa kipaza sauti. Nikaanza kuota. Nikajiona naitwa ofisini kwake kutundika picha kwa korido zote, nikajiona kwa magazeti. Nikakimbia kuichapisha, saizi ile ile, nikafika ukumbini nikitafuta nani atoke.

Kwa nini Mutuku? Nimejiuliza sana. Nadhani nilijiambia kwamba Mutuku ni mtu mzuri, ataelewa, na ukweli ni kwamba niliona hana cha kunifanya. Fremu yake ilikuwa karibu na mlango, usawa mzuri. Nikafungua vibanio vya nyuma, nikamtoa Mutuku, nikamweka Mheshimiwa, nikaisukuma picha ya Mutuku kwenye bahasha chini ya meza ya chai. Sikurudi nyuma hadi mlangoni kuangalia. Dakika tano tu. Bi Zuhura alikuwa bado hajafika.

Watu walianza kuingia saa nane. Nikaona wakifika pale karibu na mlango wanasimama, wanainama kusoma kikaratasi, kisha mabega yanaanza kutikisika. Nikafikiri sanaa inawagusa. Mheshimiwa alipofika, alijiona, akafurahi, akapigwa picha kando ya picha, hakusoma chochote, na akaamua hotuba yake ataitolea hapo hapo, ukuta ukiwa mgongoni mwake. Msaidizi wake alibaki nyuma kidogo. Yeye alisoma. Nikamwona anasoma mara ya pili, midomo ikitembea, halafu nami nikageuza macho pale anapoangalia, na ndipo nikaona kile ambacho ukumbi mzima ulikuwa unakiona kwa nusu saa: Mheshimiwa mdomo wazi, punda mdomo wazi, shingo imemwinamia kwa mapenzi, na chini yao, Wawili wa Mwala, kelele nyingi, maji hakuna.

Msaidizi alinijia sikioni, akasema kwa sauti ndogo sana, "Ondoa punda. Sasa hivi."

Mtu mwenye akili angetoa kikaratasi. Mimi nilibeba kiti. Mheshimiwa alikuwa anaeleza umuhimu wa vijana kuthubutu, nami nikapita nyuma yake kwa vidole vya miguu, nikapanda juu ya kiti, nikashika fremu ya punda, na waya ikakataa kutoka kwa msumari wa pili. Nikavuta, punda akapinda. Nikavuta tena, ikawa punda kama anamnong'onezea Mheshimiwa kitu begani. Watu walikuwa wameshindwa kabisa kujizuia, wengine wameziba nyuso kwa vitambaa, na Mheshimiwa, akiona anachekesha kiasi hicho, akapata nguvu, akaongeza hadithi ya utoto wake. Msumari ukatoka na plasta yake. Nikashuka na punda kifuani, vumbi kichwani, nikageuka kutafuta njia ya kutorokea.

Mlangoni walikuwa wamesimama Mutuku na mama yake. Mutuku alikuwa na suti ambayo mikono yake ilimfikia karibu na kiwiko, kwa hivyo najua haikuwa yake. Mama Mutuku alikuwa na kitambaa cha kanisani kichwani. Walikuwa wameingia nisiwaone, wakapita ukuta wote polepole, picha baada ya picha, wakijitafuta.

"Mwiitu wakwa," akaniita, binti yangu, kwa Kikamba, kama alivyokuwa ananiita siku zote. "Huyo ni punda wangu. Unampeleka wapi? Na Mutuku mmemweka wapi?"

Mheshimiwa akageuka. Aliangalia mahali palipobaki msumari, akaangalia sura yake, akainama, akasoma. Alichukua muda mrefu kusoma maneno machache. Kisha akanyoosha koti lake, akasema amekumbuka mkutano mwingine, na akaondoka bila kukata utepe, msaidizi akimfuata na kuniachia jicho ambalo bado liko mgongoni mwangu.

Sikuwa na pa kujificha. Nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikatoa bahasha chini ya meza ya chai, nikafungua vibanio, na Mama Mutuku akasimama juu yangu akiangalia mwanawe anavyotoka kwenye bahasha.

"Kwa hivyo alikuwa chini ya meza," akasema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Na ulituambia tuko ukutani."

Hakuinua sauti, na afadhali angeinua. Mutuku mwenyewe alikuwa ameangalia dirishani, akivuta mikono ya ile suti ishuke kidogo. Bi Zuhura, ambaye sikujua aliingia saa ngapi, alinipokonya fremu, akapigilia msumari upya, akatundika namba saba na namba nane kwa pima maji, akanishika bega na kunirudisha nyuma hadi mlangoni niangalie. Mama Mutuku akaomba kikaratasi asomewe. Mutuku akamsomea. Akafikiri, akasema maji kweli hakuna, akakaa kwa kiti kile nilichopanda, mbele ya picha zake mbili, akanywa chai. Walipoondoka alinipa mkono, lakini hakuniita mwiitu wakwa tena. Aliniita Mwikali.

Ofisini kwa Mheshimiwa sijawahi kuitwa. Mwala nimerudi mara tatu, nikawapelekea picha hizo mbili zikiwa kwa fremu, na mara ya tatu ndio Mutuku alianza kunitania kidogo. Nimeapa mambo mawili. Nikibadilisha hata picha moja, nazishusha zote sakafuni naanza upya, hata kama watu wamefika. Na mtu niliyemwambia kwa mdomo wangu kwamba yuko ukutani, hatoki bila mimi kwenda kumwambia kwa mdomo huo huo. Mgeni rasmi sitaki kusikia. Nikipata ukuta mwingine, atakayefika wa kwanza ndiye atakayefungua.